Picha Tatu za Kodi

Barua ya kunitoa dukani ililetwa Jumatatu asubuhi, wakati nampima mteja kiuno, na mteja mwenyewe ni mtu asiyeacha kusema alichokiona. Niliisoma huku futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Ilisema nadaiwa kodi ya miezi mitatu ya duka namba saba, na nisipolipa ndani ya siku kumi na nne nifungashe cherehani zangu niondoke.

Mimi si mtu wa kudaiwa kodi. Nimepanga kwenye jengo lile miaka kumi na mmoja, na tangu nijiunge na huduma ya benki ya mtandaoni, kodi hutoka yenyewe kila tarehe mbili. Nikamwomba mteja radhi, nikapanda ghorofani kwenye ofisi ya mwenye jengo.

Mwenye jengo ni mwalimu mstaafu, na sote tunamwita Mwalimu. Hakuwepo. Nilimkuta mhasibu wake, bwana mmoja mwenye miwani na haraka zisizoisha. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe: namba saba, miezi mitatu, patupu. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba ningeiga mfano wa mwenzangu wa namba nne, maana yeye amelipa miezi minne mbele.

Maneno hayo yalinichoma maini kuliko barua yenyewe. Mwenzangu wa namba nne ni Sindano. Jina hilo nilimpa mimi kwa wembamba wake, miaka saba iliyopita, alipokuja kwangu hajui hata kutia uzi kwenye cherehani. Nikamfundisha kukata, kupiga pindo, kuweka zipu. Miezi mitatu iliyopita nilipohama namba nne kwenda namba saba, duka kubwa zaidi, akaniomba nimsemee kwa Mwalimu apewe lile nililoliacha. Nikamsemea. Mwezi haukuisha, wateja wangu watatu wakawa wanapita mlangoni kwangu wakinipungia mkono, wanaelekea kwake. Na sasa eti miezi minne mbele. Mimi na miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kulipa hata mmoja mbele.

Binti yangu anafanya kazi mapokezi ya zahanati ya jirani, na mambo ya kompyuta anayaweza. Saa ya chakula nikamwita. Akafungua tovuti ya benki, nikamwambia ageuke nikiandika neno la siri, akageuka huku akicheka, maana analijua. Tukaingia kwenye historia ya malipo. Malipo matatu, yote ya tarehe mbili, kiasi cha namba saba kamili. Nikaanza kujipiga kifua. Binti alikuwa anasoma sehemu ya maelezo. Iliandikwa "Kodi duka namba 4", mara tatu.

Nilipohama nilibadilisha kiasi kwenye lile agizo la kila mwezi, maneno nikayaacha yalivyokuwa. Mhasibu naye hakuhangaika na jina la mtumaji. Alitazama namba ya duka, akaingiza. Na kodi ya miezi mitatu ya namba saba ni sawasawa na ya miezi minne ya namba nne. Kumbe nilikuwa namwonea Sindano wivu kwa fedha zangu mwenyewe.

Mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi niliwaza Sindano akisikia kwamba fundi wake ameshindwa kuandika namba ya duka lake, atakavyowahadithia wateja wangu wa zamani. Nikamwambia binti azikate zile picha za skrini: tarehe ibaki, kiasi kibaki, maelezo yaondoke.

"Mama, hapo unakata ushahidi wenyewe."

"Kata."

Akakata. Tukaandika: "Mwalimu, ninaambatisha picha tatu za skrini kutoka tovuti ya benki yangu, zinazoonyesha kwamba kodi ya duka namba saba imelipwa kila mwezi. Naomba kumbukumbu zako zirekebishwe na ilani ya kuondoka ifutwe."

Jibu lilikuja Jumatano. Miaka thelathini ya kusahihisha madaftari haijamtoka Mwalimu. Aliandika kwamba picha zimekatwa pembeni, hazionyeshi maelezo wala namba ya muamala, na bila hayo hawawezi kuyatafuta malipo kwenye taarifa ya benki ya ofisi. Nilete picha nzima. Siku za ilani zilikuwa bado zinahesabika.

Nilikaa na jibu hilo siku mbili. Mezani nilikuwa na oda ya sare mia moja za shule, na kutolewa dukani maana yake ilikuwa kuipoteza. Kupitia dirisha naiona namba nne: Sindano katundika mapazia mapya, mteja huyu anatoka, yule anaingia, na kila mmoja anatoka akitabasamu. Roho iliniuma hadi nikapata wazo lililonipendeza: kwamba anajua. Kwamba ameona fedha zisizo zake akanyamaza, na mapazia yale yametoka mfukoni mwangu. Nilitamani awe mwizi. Angekuwa mwizi ningepumzika.

Ijumaa binti akapiga picha nzima, na kwenye barua nikakiri kwamba kosa la maelezo ni langu. Kisha nikaongeza sentensi moja ya mwisho. Binti akaisoma, akaniomba niifute. Nikakibonyeza kitufe cha kutuma mwenyewe.

Jumatatu Mwalimu akaniita. Nilimkuta Sindano ameshafika, akaniamkia kwa adabu kama siku zote. Mwalimu hakuzunguka. Malipo yote matatu yameonekana, yamehamishwa kutoka namba nne kwenda namba saba, na ilani imefutwa. Akanipa karatasi mpya ya kumbukumbu yenye miezi mitatu iliyolipwa. Niliisoma mara mbili.

Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye faili la namba nne. Ilikuwa ya miezi miwili nyuma, mwandiko wa Sindano: "Kwenye hesabu yangu kuna fedha zaidi ya nilizolipa. Si zangu. Tafadhali mtafuteni mwenyewe, huenda ana shida nazo." Mhasibu aliigonga mhuri wa kupokelewa, akaitia failini, basi. Mwalimu alisema bwana huyo ameshasikia yake, na mimi nimwie radhi.

Barua yangu nayo ilikuwa pale mezani, imechapishwa. Sindano akaivuta kwake taratibu.

"Fundi, haya maneno ya mwisho," akasema, "umeyaandika wewe, au umeandikiwa?"

Ningeweza kumsingizia binti yangu. Nikayasoma tena kutoka upande wangu wa meza: "Mpangaji wa namba nne bila shaka amejua siku nyingi akanyamaza, ndivyo alivyo tangu nilipomlea."

"Nimeyaandika mimi."

"Nilitaka kujua tu, Fundi."

Akairudisha barua mahali pake. Akamuaga Mwalimu, akaniaga na mimi, vilevile kwa adabu, akashuka kwenda kwa wateja wake. Mwalimu akauliza kama kuna kingine cha kurekebisha. Nikasema hakuna.

Nilishuka na karatasi yangu mkononi. Duka lilikuwa langu, sare mia moja zilikuwa zangu, na wivu ulikuwa palepale. Kukata, kupiga pindo, kuvuta wateja, yote aliyonishinda Sindano, nilimfundisha mimi, na hilo lilikuwa linanifariji kidogo. Hili la leo sikumfundisha.