Chai ya Wawili

Benedicta alipotangaza kwamba atakayemleta rafiki saluni, yeye na huyo rafiki watapewa zawadi, wateja wake wa mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto, walishangilia. Alipoitaja zawadi yenyewe, wakaguna. Chai ya tangawizi na vitumbua viwili, tena mpaka wote wawili waje siku moja, wakae pamoja. Jamani! Mtu alikuwa anatarajia walau chupa ya mafuta ya nywele.

Zaheer, mhasibu wake, mtu wa Tanga aliyekulia Toronto, alishika kichwa. “Dada Benedicta, mwanzoni umepanga vizuri. Mteja anampa rafiki kadi yenye jina lake yeye mteja. Rafiki awe mgeni kweli, asukwe, alipe, ndipo zawadi itoke kwa wote wawili. Hapo huwezi kupata hasara. Lakini hili la kuja siku moja umelitoa wapi? Watu wana zamu!”

“Ndivyo ninavyotaka,” alisema Benedicta, na midomo akaibana.

Hakumwambia kwa nini, lakini sisi tutasema. Ilikuwa kwa ajili ya Shaila. Miaka sita Shaila alikaa kwenye kiti cha dirishani, akitoa watu nyusi kwa uzi na kuwapaka hina, huku Benedicta akisuka. Saa kumi, wateja wawepo wasiwepo, walikuwa wanakunywa chai hiyo hiyo, wakisemana na kucheka mpaka machozi. Kisha mume wa Shaila akanunua nyumba Pickering, mji wa nje ya Toronto. Siku ya kuaga Benedicta alijitia ujasiri. “Nenda tu, bibi, watoa nyusi wamejaa tele.” Shaila akachukua nyuzi zake akaenda. Simu zikapungua, zikakatika. Mwaka wa pili sasa Benedicta anamkumbuka mwenzake mpaka kifua kinauma, na kwenye kile kiti hamkalishi mtu.

Kwa hiyo kadi za kwanza kabisa alizitia kwenye bahasha akazituma Pickering, bila neno hata moja. Shaila atamleta mtu, alijiambia, na akimleta itabidi aje mwenyewe kunywa chai yake. Kila mlango ulipofunguliwa moyo ulimruka, akakuta ni mwingine.

Aliyemvuruga ni Farhat, muuguzi, mteja wa siku nyingi. Alikuwa amemleta mwenzake wa kazini, mwenzake kasuka, kalipa, lakini mmoja anafanya usiku na mwingine mchana. “Dada, mwezi mzima hatujaweza kukutana. Si useme tu hutaki kutupa?”

Maneno yale yalimwingia. Kweli, alikuwa anawatesa watu kwa shauku zake mwenyewe. Jioni ile akampigia Zaheer: chai ifutwe, kila mmoja apewe chupa ndogo ya mafuta, achukue siku anayoweza. Zaheer akasema alhamdulillahi. Benedicta akakata simu, akalia kidogo, akafagia.

Jumamosi iliyofuata akaingia dada mmoja mpole, Amreen, wa kutoka Pickering. Akatoa kadi. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Shaila.

Alitaka hina, kazi iliyokuwa ya Shaila, kwa hiyo Benedicta alimpaka mwenyewe, maua yakatoka yamepinda. Amreen alipokwisha kulipa, akamwekea chupa mbili mezani. “Hii yako. Hii mpelekee Shaila.”

Amreen akaisogeza moja nyuma, kwa ncha za vidole asiharibu hina. “Shaila alisema nisimchukulie chochote.”

“Kwa nini? Ni haki yake, kaniletea mteja.”

“Alisema nikwambie hivi. Kunileta kanileta, maana anataka biashara yako iende. Lakini kadi zile ni za wateja, na yeye si mteja wako. Kila siku anafungua bahasha ile kuangalia kama kuna neno la kwake, hakuna.”

Ee Mungu wangu! Benedicta akakaa, na bila kutambua akakaa kwenye kiti cha dirishani. Mpango mzima ule, kadi, sheria, vitumbua, watu wote wa mtaa wamehangaishwa walete rafiki zao, na rafiki yake mwenyewe hajamwita hata siku moja.

Aliichukua simu mbele ya Amreen. Namba alikuwa hajaisahau. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

“Haloo? Nani mwenzangu?”

Sauti ilikuwa ile ile. Maneno yote ya kuomba radhi yakamkimbia Benedicta.

“Ni mimi,” alisema. “Naweka chai. Njoo, Shaila, na usilete mtu.”