Kadi ya Harusi Iliyosomwa Kinyumenyume

Mwaka tisini na sita kompyuta ya duka letu la kuchapa kadi, jirani na soko la Morogoro, ilikuwa mpya, na Mzee Wilfred aliiheshimu kuliko alivyoniheshimu mimi. Alishuka toka milimani Mgeta na rasimu ya kadi ya harusi ya bintiye Upendo, akaanza. Jina la bwana harusi, Amosi, liende mwisho. Hapana, lirudi mwanzo. Nikalikata ili nilihamishe. Kabla sijalibandika, akataka nihamishe kwanza maneno mengine. Nikayakata na hayo.

Nilipotoa nakala ya kuhakiki, niliisoma kama nilivyofundishwa, kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, kidole kikiwa kwenye rasimu yake.

"Jumamosi. Itakayofungwa. Upendo."

"Devotha, unaisoma ndoa ya mwanangu kinyumenyume? Unataka kuivunja?"

"Ndivyo makosa yanavyoonekana, baba. Ukisoma kwa mbele, kichwa kinajijazia chenyewe."

"Isome kikristo."

Tukaisoma pamoja kwa mbele, kwa sauti. Hatukuona kosa, naye akaridhika. Mimi nilikuwa nimeshaudhika, nikamgeuzia mgongo na kumalizia kinyumenyume, kimoyomoyo. Nikakuta "ndoa ya ya binti yao", na Amosi hayupo popote: kompyuta hushika kipande kimoja tu kilichokatwa, na cha pili kilikuwa kimemfuta.

Nikamwonyesha. Akaivuta ile karatasi karibu na macho.

"Si nilikwambia," akasema. "Umeirudisha nyuma, kijana katoka. Sasa mwandike tena, halafu uisome kwa mbele mara tatu ili akae."