Alipofia Kimeli

Janeffer alikuwa ameshavuka mto na kupanda nusu ya mlima alipokumbuka kwamba hakufunga banda la ng'ombe. Hakurudi. Angerudi angekaa, na angekaa angepika chai, na baada ya chai angeanza kujiuliza kama safari yenyewe ina maana. Basi akaendelea na barabara ya Mogogosiek, kitambulisho cha marehemu mumewe kikiwa kimefungwa kwenye pindo la leso, akitazama nyuma kila mara kama mtu aliyeiba kuku.

Majani ya chai yalikuwa na umande. Upande wa chini wa shamba lake aliwaona watu watatu wakichuna, vikapu mgongoni. Hawakuwa watu wake. Walikuwa wa Isaiah, shemeji yake, mdogo wa marehemu. Isaiah alikuwa ameanza na mstari mmoja, kwa heshima, akisema anasaidia mjane. Mwaka ukaisha, mistari ikawa mingi, na heshima ikaisha.

Juma lililopita Janeffer alimkabili pale kituo cha majani, watu wakiwa kwenye foleni ya kupima.

"Shemeji, toa watu wako kwa chai yangu."

"Chai yako?" Isaiah akacheka, akawageukia watu. "Title ya shamba iko na jina la nani?"

"La ndugu yako. Na ndugu yako amekufa."

"Nani alisema amekufa? Karatasi iko wapi? Mimi kwa serikali ndugu yangu yuko hai. Siku akirudi tutagawana naye."

Watu walicheka, wengine kwa aibu. Janeffer alicheka pia, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Lakini usiku huo hakulala, na asubuhi alikuwa mlangoni kwa naibu wa chifu.

Naibu wa chifu wa pale Boito alikuwa Nelvine, msichana wa juzijuzi aliyechukua kiti baada ya mzee wa zamani kustaafu. Alimkaribisha vizuri, akamwita mama, akatoa kalamu.

"Mama, pole. Bila cheti cha kifo kesi ya urithi haifunguliwi kortini, hiyo ni kweli. Hata kama mlizika bila kibali, bado kuna njia. Imepita miezi sita, kwa hivyo itakuwa usajili wa kuchelewa. Utaapa, utaleta mashahidi, kitambulisho chake kitarudishwa. Sasa niambie, mzee alifia wapi?"

"Hapa. Nyumbani."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi. Kichwa chake kilikuwa kwa mapaja yangu."

Alilisema bila kumeza mate. Alikuwa amelisema mara nyingi, kanisani, kwenye chama cha akina mama, kwa kila aliyekuja kumpa pole, hata siku nyingine alihisi uzito wa kichwa kile. Nelvine akaandika jambo kwenye karatasi ya pembeni, kisha akamwita mzee wa kijiji aliyekuwa nje akiota jua.

Mzee aliingia, akasikiliza, akajikuna kidevu.

"Mama Kipkurui, mimi nakuheshimu. Lakini mimi niliamka kukamua nikaona pikapu inaingia kwako, na watoto wako wanashusha mtu aliyefungwa blanketi. Nilinyamaza kwa sababu matanga si mahali pa kuuliza maswali. Leo ukitaka niape, hapo siwezi."

Nelvine akaweka kalamu chini.

"Mama, fomu hii anaijaza naibu wa chifu wa pale mtu alipokata roho. Si pale alipozikwa. Mimi nikiandika uongo, hiyo barua itaanguka kortini na mimi nitaanguka nayo. Alifia wapi?"

Hapo ndipo kosa lao lilipokuwa. Kwa watu wa nyumba ya Janeffer, mtu ni wa pale alipolazwa. Ukimrudisha kwake, ukamfukia kando ya migomba yake, basi amefia kwake. Yaliyobaki ni maneno ya barabarani. Hawakujua kwamba serikali haijali sana kaburi. Inauliza kitanda.

Na kitanda kilikuwa Londiani, nyumbani kwa mwanamke anayeitwa Yunia.

*

Kimeli, mumewe Janeffer, alikuwa mtu wa miguu, hatulii mahali. Alipasua mbao kwenye msitu wa Londiani, akarudi, akaenda tena, na safari moja hakurudi haraka. Yunia alikuwa Mkisii, muuza viazi. Janeffer alijua jina lake kwa muda mrefu kama mtu anavyojua jina la ugonjwa wake. Kimeli alipofia kule, Yunia ndiye aliyempigia mwana wao Kipkurui simu. Vijana wakaenda na pikapu, wakambeba kabla watu hawajaamka, wakamzika haraka haraka. Kibali cha mazishi hawakukiomba popote. Huku wangeulizwa alifia wapi, na kule wangeulizwa nyumba ya nani.

Sasa Janeffer alikuwa amesimama mbele ya nyumba yenyewe. Njia nzima hakuweza kukaa vizuri. Kericho alishuka akanunua chai, akaiacha mezani, akatembea kuzunguka stendi mpaka kijana mmoja akamuuliza kama amepoteza mtoto. Alitarajia kukuta mwanamke wa midomo myekundu. Alikuta ndani mtu wa umri wake, mwenye magoti mabaya, anachambua viazi kwenye gunia.

"Wewe ni Mama Kipkurui," Yunia akasema bila kuinuka. "Una uso kama wa kijana wako. Yule aliyeondoka na blanketi yangu."

"Sikuja kwa mambo ya blanketi."

"Najua. Watu hawaji hapa kwa blanketi. Kaa."

"Nitasimama."

"Simama basi, lakini usisimame juu ya viazi vyangu."

Janeffer akasogea. Akaeleza yote akiwa anatembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni: chai, Isaiah, cheti. Yunia alimsikiliza huku akitupa viazi vibovu upande mmoja.

"Kwa hivyo unataka niende kwa chifu niseme alifia kwa kitanda changu."

"Ndiyo."

"Na kule kwenu mlisema alifia wapi?"

Janeffer akaendelea kutembea.

"Haya," Yunia akasema. "Mliniogopa. Mpaka leo unaniogopa. Unafikiri nikitaja hiyo nyumba nitataja na shamba."

Hilo ndilo lililomnyima Janeffer usingizi tangu siku ya Nelvine. Karatasi ile ile inayoweza kumfukuza Isaiah ingeweza kumfungulia mlango mwanamke huyu, aende kortini aseme, mimi pia nilikuwa mke. Alikuja akijua hilo. Alikuja kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi.

"Wewe ungefanya nini?" akauliza.

"Mimi? Ningekuja mapema." Yunia akajipangusa mikono. "Nitasema ukweli wote. Lakini nina jambo moja. Mlimchukua mtu kwangu kama gunia. Kwetu mtu akizikwa unamtupia udongo, hata kama ni kiganja kimoja. Mimi sikumtupia. Nataka kuja kaburini, mchana, watu wakiona. Sitaki kupitishwa nyuma ya zizi."

Janeffer akasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile miguu ilitulia, na ilikuwa vibaya, kwa sababu ilimbidi kufikiri. Mchana, watu wakiona. Akina mama wa kanisa wangeuliza huyu ni nani. Na kichwa kile mapajani kingekuwa kichwa cha uongo.

"Siku gani?" akasema.

"Cheti kikitoka."

*

Naibu wa chifu wa kule, Zack, alikuwa mtu mkali wa maneno mafupi. Aliwasikiliza, akauliza tena kutoka mwanzo, akamwita jirani aliyemwona Kimeli akiugua.

"Mlivuka kaunti na maiti bila kibali," akamwambia Janeffer. "Unajua hiyo ni makosa? Mngesimamishwa na polisi pale njia panda, mngesema mmebeba nini?"

"Mahindi," Janeffer akasema, kabla hajajizuia.

Jirani akakohoa. Zack akainama kwenye fomu, na mabega yake yakacheza kidogo.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua," Yunia akasema. "Vumbi la mbao. Kadi yake ya zahanati hii hapa. Siku ile alikataa uji. Akasema atapumzika kidogo. Akaniuliza kama mvua imefika Boito, kwa sababu chai ya upande wa juu ilikuwa imekatwa na inataka maji. Nikamwambia sijui, mimi sijawahi kufika Boito. Akasema, basi mwulize Janeffer. Halafu akalala, hakuamka."

Janeffer alikuwa ameshika ukingo wa meza. Siku zote alikuwa amejitungia kifo cha mumewe, akakipamba, na katika utungo wake wote Kimeli hakuwahi kusema neno. Hili hapa lilikuwa neno, na lilikuwa na jina lake.

"Wewe mama ni nani wa marehemu?" Zack akamuuliza Yunia. "Lazima niandike aliyetoa habari."

Kalamu ikangoja. Janeffer naye akangoja, akitazama kalamu hiyo kuliko alivyowahi kutazama kitu.

"Andika mwenye nyumba," Yunia akasema. "Alifia kwa nyumba yangu. Shamba silitaki, magoti yangu hayapandi milima ya watu."

Zack akaandika. Janeffer akafungua pindo la leso, akatoa kitambulisho cha Kimeli. Picha ilikuwa ya zamani, ana nywele nyingi na hasira ya kupigwa picha. Yunia akanyoosha shingo kukiangalia. Janeffer akakigeuza upande wake, akamwacha aangalie, kisha akampa Zack.

Kutoka hapo ilikuwa ni kuzunguka tu: kiapo kwa wakili, barua ya chifu, fomu kwa msajili wa vizazi na vifo, faini ya kuchelewa, kungoja, kuambiwa urudi, kurudi, kuambiwa faili limepelekwa juu, kungoja tena. Kisha Kipkurui akaomba cheti kwenye saiba, duka la kompyuta, na kikaja, kikiwa kimeandikwa mahali pa kifo: Londiani.

Yunia alikuja Boito siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Janeffer alimtangulia njiani, akamjibu kila aliyeuliza: "Huyu ndiye mama ambaye mzee alifia kwake." Wengine walishika midomo. Yunia alichota udongo kando ya kaburi, akautupa, akaomba maji ya kunawa, akaondoka kabla ya chakula.

Isaiah aliweka pingamizi kortini, kisha cheti kilipoonyeshwa akaliondoa, na watu wake wakarudi upande wao. Urithi ulipita na shamba likaandikwa jina la Janeffer, kwa niaba yake mwenyewe na ya watoto wake. Akina mama wa kanisa walimwondoa kwenye uongozi wa chama, mwaka uliofuata wakamrudisha. Kipkurui alipeleka blanketi mpya Londiani. Zack alihamishwa. Nelvine, akisikia kilio popote, huuliza kwanza mtu amefia wapi kabla ya kuuliza kaburi litachimbwa wapi. Yunia aliacha viazi kwa sababu ya magoti, akarudi kwao Kisii kwa kaka yake. Janeffer bado anachuna upande wa juu, na mvua ikichelewa hutoka kitandani usiku akaisikiliza.