Dozi ya Watu Wawili

Kuna wateja wanaonifanya nitamani kufunga duka la dawa niende nikalime viazi. Mmoja ni yule anayeomba "zile za rangi mbili" kwa sababu jirani alizimeza zikamsaidia. Mwingine ni yule anayemeza dawa mpaka apate nafuu, kisha anaweka zilizobaki kwenye kikombe juu ya kabati, na kuanzia hapo anakuwa daktari wa ploti nzima ya wapangaji. Hapa Majengo, Nyeri, ninawapata wote kila siku, na mara nyingi ni mtu yule yule.

Ndiyo maana nikaandika ile karatasi. Niliiandika kwa Kiswahili chepesi, mbele na nyuma, na kila anayenunua antibiotiki kwangu anaondoka nayo atake asitake. Mbele niliyaweka makosa mawili yanayonichemsha zaidi. Usiache dawa katikati ati kwa sababu umejisikia vizuri, maana viini dhaifu ndivyo hufa kwanza. Vile vigumu vikibaki vitazaana, ugonjwa utarudi, na safari hiyo huenda dawa isifue dafu. Wala usimgawie mwenzako, kwa sababu dozi imepimwa kwa mwili wako na ugonjwa wako, na nusu dozi haimtibu yeyote. Nilijiona nimeandika vizuri sana. Nilipita nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kihara, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alikuwa kati ya waliopata karatasi hiyo mapema. Alikuja na cheti cha kliniki: maambukizi ya mapafu, amoksilini mara tatu kwa siku. Nilimuuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, akasema hakuna. Nikampa dawa, nikampa karatasi, nikamwambia asiikunje kufungia njugu. Akacheka. Yeye na mkewe Wangui walikuwa wamefunga ndoa kanisani miezi michache tu nyuma, na bado alikuwa akitembea kama bwana harusi.

Siku chache baadaye, karibu saa za chakula cha mchana, alirudi. Hakuwa akitembea kama bwana harusi. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kikohozi kilimshika mlangoni mpaka akaegemea ukuta.

"Daktari Sophie, niko na shida kidogo ya bibi. Ngozi yake inawasha sana. Uko na mafuta ya kupaka?"

Mimi si daktari, nimeshachoka kuwaambia. "Vipele vya namna gani?"

"Zimefura-fura tu. Zinakuja, zinapotea, zinakuja tena. Na leo asubuhi mdomo yake ilikuwa imefura. Tukasema labda ni mbu."

Mbu wa Nyeri, kwenye baridi hii! Nilimtazama.

"Wangui anakula dawa yoyote?"

"Hapana," akasema haraka. Kisha akafikiri. "Ile yangu tu."

"Yako ipi?"

"Ile ulinipea. Alianza kukohoa pia, daktari. Sasa tunakula pamoja. Asubuhi mimi, mchana yeye, jioni anakula mwenye anakohoa zaidi."

Sijui kama nilipiga kelele, lakini mwanamke aliyekuwa akingojea dawa ya minyoo aliniambia baadaye kwamba nilipiga. "Kihara! Si nilikuandikia usigawie mtu?"

"Sijagawia mtu," akasema, na kwa kweli alishangaa. "Ni bibi yangu. Pasta alisema tumekuwa mwili mmoja. Singeweza kula dawa mbele yake na yeye anakohoa."

Ningekuwa na nafasi ya kugombana ningegombana naye mpaka jioni. Sikuwa nayo. Vipele vinavyovimba na kupotea, kisha mdomo kufura: huo ulikuwa mwili wa Wangui ukiikataa dawa, na kila kidonge kipya kingeweza kuwa kibaya kuliko kilichotangulia.

"Amewahi kudungwa sindano ikamdhuru?"

"Akiwa mtoto, kwao Kiriaini. Alidungwa penisilini akafura uso. Lakini hiyo ilikuwa sindano, daktari. Hii ni kidonge."

Amoksilini na penisilini ni ndugu wa damu. Nani angemwambia? Sikuwahi kumwona Wangui dukani. Cheti kilikuwa cha mumewe, na maswali yangu yote nilimuuliza mumewe.

"Mchana ni zamu yake, sivyo?" nikauliza. "Mpigie simu. Mwambie asimeze."

Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. "Huwa anaiacha kwa nyumba akienda kufua kwa mfereji," alisema. Nilichukua adrenalini, dawa ya kufungua pumzi, na sindano kwenye droo ninayoombea nisiifungue kamwe, nikamwambia yule mwanamke wa dawa ya minyoo akae mlangoni asiingize mtu, nikatoka mbio na koti langu jeupe likipeperuka.

Nilikuwa na hofu, nasema ukweli. Nilikimbia nyuma ya msikiti nikipita katikati ya vibanda vya nyanya, huku nikijiambia kwamba labda amechelewa kupika, labda amesahau, watu wangu hawa si husahau dawa kila siku? Leo Mungu amjalie asahau. Kihara alikuwa nyuma yangu akinielekeza huku akikohoa, kisha sikumsikia tena. Nilipogeuka alikuwa ameinama ameshika magoti. Alininyooshea tu kidole: mlango wa bluu.

Nje ya mlango huo alisimama Watiri, jirani yao, ameshika glasi ya maziwa. "Afadhali umekuja," akaniambia. "Amekula dawa sasa hivi tu, akaanza kukwaruza shingo. Ninampea maziwa ivunje sumu."

"Usimpe kitu chochote! Koo likifunga atapaliwa. Piga simu ya teksi, mwambie ni ya hospitali."

Wangui alikuwa ameketi kitandani ameinama mbele. Midomo ilikuwa minene, kope zimefunga jicho moja, na kila pumzi ilitoka na mluzi. Alitaka kuniambia jambo, lakini sauti ilikuwa ikikwaruza, haieleweki. Nilivunja ile chupa ndogo ya kioo, nikavuta dawa kwenye sindano. Nilimdunga kwenye paja, upande wa nje, kupitia sketi, nikamwambia asisimame, aendelee kukaa hivyo hivyo mpaka teksi ije.

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja huko ndiko kulikonitesa. Nilishika mkono wake nikihesabu mapigo na kupoteza hesabu. Hapo ndipo nilipoiona. Ukutani, juu ya kitanda, kando ya picha yao ya harusi, karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwa gundi pembe zote nne, imenyooshwa vizuri kabisa. USIACHE DAWA KATIKATI, ilisema. Wangui aliona ninapotazama.

"Nilitaka kuacha," alisema kwa shida. "Vile iliwasha. Lakini mliandika..."

Niliandika. Nyuma ya karatasi hiyo hiyo niliandika pia kwamba ukiona vipele, uvimbe au ukikosa pumzi, hapo acha mara moja na ukimbilie hospitali. Nyuma kulikuwa na gundi na ukuta. Wao hawakuitupa kama wengine wanavyoitupa, wala hawakufungia njugu. Waliiheshimu kiasi cha kuipamba chumbani. Nilitamani kulia na nilitamani kumchapa mtu, na sikujua nimchape nani.

Ule mluzi ulianza kupungua. Si kwamba ulikwisha, ulipungua tu, lakini nilisikia tofauti. Kihara aliingia akiburuta miguu, akapiga magoti mbele ya mkewe, akaweka paji la uso kwenye mapaja yake. Joto la mwili wake nililihisi hata bila kumgusa.

"Ni mimi nilimpea," akasema. "Yeye alikuwa amekataa."

Teksi ilipofika tuliwapakia wote wawili. Watiri aliuliza kwa nini na mume pia, mgonjwa si mke tu? Njia nzima nilikuwa nikisikiliza pumzi mbili: ya Wangui, ambayo niliogopa ingefunga tena, na ya Kihara, fupi fupi, ya mtu ambaye viini vyake vilikuwa vimepewa siku kadhaa za kula na kunywa.

Hospitalini walimdunga Wangui tena, wakamwekea oksijeni, na daktari akasema lazima alazwe hata akijisikia vizuri, kwa sababu mwili unaweza kufura mara ya pili baada ya saa kadhaa. Kikohozi chake? Mafua ya kawaida, wakasema. Hakikuhitaji antibiotiki hata moja. Mume wake ndiye aliyezihitaji, na ndiye aliyezikosa. Picha ya kifua ilionyesha ugonjwa umetambaa upande wa pili, naye akalazwa wodi ya wanaume.

Kesho yake nilipitia wodini kabla ya kufungua duka. Wangui alikuwa amelala, uso umerudi kuwa wa mwanamke mdogo mzuri, na kitandani pake wameandika kwa maandishi mekundu asipewe penisilini. Nilisimama nikamtazama akipumua. Sikutaka kuondoka.

Kwa Kihara nilikuta mabishano. Muuguzi alikuwa ameshika sindano ya dawa ya kuweka kwenye mpira wa mshipa, na Kihara amefunika mkono wake kwa ule mwingine.

"Ati anataka kujua kama bibi yake pia anadungwa hii," muuguzi aliniambia, amechoka.

"Hadungwi," nikasema. "Hii ni yako."

"Daktari, niliapa mbele ya watu." Alikuwa akinong'ona, kifua hakikumruhusu zaidi. "Kwa ugonjwa na kwa afya. Sasa mimi nipone na yeye alale hivyo? Nikikubali nitakuwa nimemwacha."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno ya upole. Niliyaandaa njiani. Lakini hasira ya jana ilikuwa bado ipo, na hofu ya jana pia, na hayo ndiyo yaliyotoka.

"Kihara, jana ulikaribia kumwua. Wewe, kwa mkono wako, kwa hayo mapenzi yako. Yeye anapona kwa sababu hakupewa tena dawa yako. Wewe usipomaliza yako yote, mpaka ile ya mwisho, na peke yako, atatoka hapa akiwa mjane. Ndivyo unavyotaka kumsaidia?"

Muuguzi alinitazama kama nimemchapa mgonjwa. Kihara akageuza uso upande wa dirisha, kisha taratibu akaondoa ule mkono uliokuwa umefunika mwenzake na kuunyoosha kitandani. Dawa ilipoingia alilia bila kujificha, na mimi nilikaa naye mpaka ikaisha.