Mbavu za Mhimili

Ijumaa ile mafundi walipokuwa wakila githeri, Kituyi alimfanya Mideva kichekesho cha karakana nzima.

"Huyu dada ameanguka mtihani wa bodi ya mainjinia mara mbili," alisema. "Mwambieni awachorere choo muone. Mlango utafungukia shimoni!"

Vicheko vikalipuka hadi barabarani. Mzee Wabuge, fundi mkongwe wa kuchomelea, hakucheka. Alisogea kwenye benchi akampa Mideva nafasi. Mideva alikaa, akala.

Karakana yao iko pembeni mwa Eldoret, na kazi yao ni chuma. Juma lililofuata Kituyi, aliyekuwa mchoraji pamoja na Mideva, alipewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika: kuchora mihimili miwili ya kubeba matangi ya mahindi katika ghala jipya la mfanyabiashara mmoja. Kila mhimili ulikuwa na urefu wa mita kumi na mbili na kimo cha mita moja na ushei, lakini bamba lake la wima lilikuwa na unene wa milimita sita tu. Bamba jembamba hivyo haliwezi kusimama peke yake. Huchomelewa vipande vya chuma vya kusimama, ambavyo mafundi huviita mbavu, ili viligawe katika vyumba vidogo lisijikunje.

Siku ya tatu Kituyi alimjia Mideva mezani na mchoro mkononi. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya Ijumaa.

"Dada, nitazamie hizi mbavu. Wewe umeshughulika na mihimili kunishinda."

Mideva alitazama mara moja tu. Kituyi alikuwa amezibana mbavu katikati, kila sentimita themanini, kisha kuelekea nguzoni akaacha chumba kitupu cha mita mbili na nusu kila upande.

"Katikati ndiko unakopinda zaidi," Kituyi alieleza. "Ndiyo nikaongeza nguvu pale."

Ni kweli mhimili hupinda zaidi katikati, lakini kupinda hubebwa na mabamba ya juu na ya chini. Bamba la wima kazi yake ni kubeba mkato, yaani nguvu inayotaka kulikata bamba kwa wima, na mkato huwa mkali kuliko kote karibu na nguzo, mzigo wote unapoteremka. Mbavu zilipaswa kubanana huko mwishoni na kuachana katikati. Jinsi alivyochora Kituyi, chumba kile kirefu kingejikunja mzigo ukifika nusu hivi. Chumba cha katikati kikijikunja huweza kujishikilia kidogo kwa majirani zake wa pande zote mbili. Cha mwisho kina jirani mmoja tu.

Maneno yote hayo yalikuwa ulimini mwa Mideva. Kichwani akawasikia tena mafundi wa Ijumaa wakicheka.

"Iko sawa," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa, Kituyi."

Bosi wao, injinia Kimeli, aliuliza swali moja tu kabla ya kuugonga mchoro muhuri: "Mideva ameuona?" Kituyi akajibu kwamba ameuona.

Mideva alijiambia kwamba bamba litaonyesha mikunjo mapema, watu wataiona, Kituyi ataaibika, na mambo yataishia hapo. Siku ya kujaza matangi alikwenda ghalani kuitazama aibu hiyo kwa macho yake. Lori la nne lilikuwa likimimina mahindi alipoona mawimbi kwenye bamba, yakishuka mshazari kutoka juu ya nguzo kuelekea katikati. Wakati huo huo akamwona Mzee Wabuge chini ya mhimili, akikaza nati za mdomo wa tangi.

"Mzee, toka!" alipiga kelele. "Toka hapo!"

Wabuge aligeuka kumtazama anayemwita. Bamba lililia kama bati linalokanyagwa, mwisho wa mhimili ukakunjika, tangi likainama na kumshukia.

Alipona. Miguu yote miwili ilikatwa juu ya magoti.

Kituyi alifukuzwa mchana huo huo. Kimeli alipomkumbusha kwamba Mideva naye aliupitia mchoro, Kituyi akasema kosa ni lake peke yake na Mideva asiguswe. Kesho yake kazi ya kuchora mihimili mipya akapewa Mideva. Aliimaliza kabla ya saa ya chakula.

Jumatatu Kituyi alikuja kuchukua vitu vyake. Macho yalikuwa yamemvimba. Alisimama mbele ya meza ya Mideva, sanduku mikononi.

"Nimesikia hulali," alisema. "Usijilaumu, dada. Hata wewe hukuona."

Mideva aliinua uso.

"Ndiyo," akasema. "Sikuona."

Kituyi akamshukuru kwa kumsaidia siku ile, akatoka.