Ukoko wa Zadock

Annah aliutazama mchoro ukutani akajua kuwa kuna mtu anamwongopea, ila hakujua ni nani.

Kilikuwa kikao cha Jumapili, katika ofisi yao ya Bur Dubai iliyo juu ya duka la vitambaa, na sir, mwenye kampuni, alikuwa ameurusha mchoro huo kwa projekta kama kawaida yake. Kampuni ilikuwa na tovuti tano za habari kwa watu waliokuja kutafuta riziki Ghuba: ya Kimalayalam, ya Kitagalog, ya Kiurdu, ya Kinepali, na ya Kiswahili. Hii ya mwisho Annah aliihariri peke yake, akaiandika peke yake, na mara nyingine akaisoma peke yake, kama sir alivyopenda kutania. Mchoro ulionyesha nguzo sita, kila mwezi na nguzo yake. Nguzo ya Juni ilikuwa ndefu. Kuanzia Julai zilikuwa fupi, zote, hadi Novemba.

"Wasomaji wamekukimbia, Annah," sir alisema, bila ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake kuwa mvua imenyesha. "Nataka kufungua tovuti ya Kibengali. Kifurushi chetu cha takwimu kinaruhusu tovuti tano tu. Moja itoke. Nitaamua Alhamisi."

Wenye akili zao watauliza: hivi kweli mtu afunge tovuti kwa sababu ya nafasi katika kifurushi cha kuhesabia wasomaji? Basi hawajawahi kufanya kazi kwa bahili. Sir alikuwa na fedha ya kubadilisha gari kila mwaka, lakini kila bili inayorudi mwezi kwa mwezi aliiona kama kupe. Na kwa kuwa wenye matangazo, wale wa kusafirisha mizigo na wa kutuma pesa nyumbani, walilipa kwa kuangalia takwimu, tovuti isiyohesabiwa kwake haikuwa tovuti.

Annah alikuwa na hasira hadi masikio yakapata moto. Nguzo ya Agosti ilikuwa fupi kuliko zote, na Agosti ya mwaka ule, 2018, ndiyo serikali ilitangaza msamaha kwa walioishiwa viza. Annah hakunakili tangazo tu. Alikwenda mwenyewe kwenye mahema ya Al Aweer, akasimama juani pamoja na akina dada wa Uganda na vijana walinzi wa Kenya, akaona nani anarudishwa na kwa kukosa karatasi gani, kisha akaandika mwongozo kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la saba angekielewa. Baada ya wiki moja hakuweza kupita mtaa wa Al Muraqqabat bila kusimamishwa. Paskazia, Mganda aliyekuwa amemtoroka madam wake miaka miwili nyuma, alimshika mikono mbele ya duka la simu akalia. Leo aambiwe mwezi ule watu walimkimbia?

"Tuonyeshe na Agosti ya mwaka jana, tulinganishe," alisema.

Zadock, aliyeshughulikia mitambo yote ya ofisi, alijibu bila kuinua uso. "Haipo. Kifurushi chetu kinahifadhi miezi sita tu. Ya nyuma inafutwa."

Zadock alikuwa Mkisii, na katika ofisi ile ndiye Mkenya pekee mbali na Annah. Walikula pamoja, walisali pamoja kanisani Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, mke wake akituma ulezi kutoka nyumbani nusu ilikuwa ya Annah. Alimwita dada. Asubuhi ile dada hakutazamwa machoni, na hapo Annah akaanza kuhisi harufu.

Alimshusha chini kwenye mkahawa wa chai ya karak, wakasimama pembeni na vikombe vyao vya karatasi.

"Sema," Annah akasema.

"Niseme nini?"

"Zadock, mimi si sir. Sema."

Akasema. Kifurushi chao kilikuwa cha kurasa laki tano kwa mwezi, na hizo laki tano si za kila tovuti, ni za tovuti zote, kama sufuria moja. Kila mtu akifungua ukurasa, kijiko kimechotwa. Juni likaja Kombe la Dunia, na wasomaji wa Kimalayalam ni wagonjwa wa mpira kuliko wenye mpira wenyewe. Sufuria ikakauka tarehe ishirini na tatu. Huduma haikuzimika kwa kelele. Ilituma barua pepe mbili za onyo, kisha ikaacha kuhesabu tovuti zote hadi mwezi mpya uingie. Siku zile za mwisho hazikuandikwa popote, na hata ungelipia kifurushi kikubwa kesho yake, kingeanza kuhesabu kuanzia hiyo kesho. Biju, mhariri wa Kimalayalam, alipiga kelele hadi kwa sir. Sir akamwambia Zadock: hakuna kuongeza kifurushi, na isitokee tena. Khalas.

"Kuna njia ya sampuli," Zadock aliendelea. "Unahesabu msomaji mmoja kati ya kumi, mashine inazidisha. Nilimpelekea. Lakini ripoti inaandikwa 'makadirio', na sir akasema wenye matangazo hawalipii makadirio."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilipunguza mahali fulani."

"Wapi?"

Alizungusha kikombe. "Kwako. Nilitoa kihesabio kwenye kurasa zako za ndani. Nikakiacha ukurasa wa mbele tu."

Annah hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Wasomaji wake hawakupita mlango wa mbele hata siku moja. Mtu alipokea kiungo kwenye WhatsApp, kutoka kundi la walinzi wa Al Garhoud au la wasichana wa kazi za nyumbani, akakibonyeza, akaangukia moja kwa moja kwenye mwongozo wa msamaha, akausoma, akautuma kwa wengine. Wote hao, tangu Julai, walikuwa wameingia na kutoka bila kuhesabiwa.

"Kwa nini mimi? Kwa nini si Wanepali?"

Zadock alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile, na kibaya zaidi ni kwamba alishangaa kweli. "Dada, wale ni wageni. Nyumbani chakula kikipungua, mama anapunguza sahani ya mgeni? Anapunguza ya mwanawe. Mgeni anakula nyama, wa nyumbani anakwangua ukoko wa ugali. Wewe ni wa nyumbani. Nilijua tutaelewana."

"Mtoto anayelala na njaa huwa anajua amelala na njaa," Annah alisema. "Wewe uliniacha nifikiri nimeshiba."

Aliuliza kuhusu kumbukumbu za seva, kwani seva huandika kila anayegonga. Zadock alitikisa kichwa. Mwenye seva alizifuta kila baada ya siku saba. Waliogonga Agosti walishafutika. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo haya yalikuwa yamemwagika miezi mitano bila mtu kusikia tone.

Zadock aliahidi atazungumza mbele ya sir. Aliapa, hata. Annah alimwamini, maana ukiwa ugenini na ndugu mmoja utafanyaje.

Alhamisi sir alirusha mchoro uleule. "Zadock, takwimu hizi ni sahihi?"

Zadock akajibu: "Zilizohesabiwa ni sahihi, sir."

Kikulacho ki nguoni mwako. Annah alisubiri aongeze neno, hata moja. Zadock akawa anapangusa kioo cha simu kwa kidole. Basi Annah akasimama mwenyewe.

"Sir, mwambie afungue orodha ya kurasa. Ya Biju kwanza."

Ilifunguka orodha ndefu isiyoisha, habari juu ya habari. "Sasa ya kwangu." Ilifunguka mstari mmoja. Ukurasa wa mbele, basi. Chini yake palikuwa peupe.

"Nimeandika habari zaidi ya mia tangu Julai," Annah alisema. "Hazipo hapo kwa sababu zilitolewa kihesabio, ili sufuria isikauke kwa wengine. Wasomaji hawakunikimbia. Hawakuhesabiwa."

Biju alichunguza kalamu yake. Sir hakuwa mjinga. Aliutazama ule mstari mmoja, akamtazama Zadock, akaelewa yote. Kwa muda mfupi Annah alidhani ameshinda.

"Ni kweli?" sir aliuliza.

"Kweli, sir," Zadock alisema, kwa sauti ndogo.

"Makosa. Makosa makubwa." Sir alimgeukia Annah, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule wa daktari mwenye habari mbaya. "Basi niambie, Annah. Walikuwa wangapi?"

"Wengi. Ukienda Al Muraqqabat..."

"Wangapi?"

Idadi hiyo hakuna aliyekuwa nayo, wala atakayekuwa nayo.

"Unaona," sir alisema. "Mwenye mizigo akiniuliza, nimjibu 'wengi'? Mhariri wa Kibengali nimeshampa barua ya kazi, anaanza mwezi ujao. Ningejua mapema, labda. Pole sana, itakayotoka ni ya Kiswahili. Zadock, usirudie. Yalla, tuendelee."

Zadock hakufukuzwa. Nani mwingine alijua nywila za seva? Tena sir, baada ya kuiona aibu ile, alikubali kununua kifurushi kikubwa zaidi: kurasa milioni mbili, kumbukumbu za mwaka mzima. Idadi ya tovuti ilibaki tano, kwani kupanda hadi kumi kulitaka ngazi nyingine tena. Mshahara wa Annah, uliokuwa umebaki bila mwenyewe, ungekilipia kifurushi hicho na chenji ikabaki. Naye aliyewafundisha wenzake namna ya kunyoosha viza alipewa karatasi za kufuta yake.

Wiki ya mwisho aliandika kwaheri. Hakulalamika; aliwashukuru wasomaji, akaweka tena mwongozo wa msamaha kwa waliochelewa, akaaga. Zadock, bila kuambiwa, alikirudisha kihesabio kwenye kurasa zake zote. Labda aliona amelipa.

Siku ya kuondoka Zadock alimwita mezani kwake. Kwaheri ile ilikuwa imefunguliwa mara elfu tisini na nne kwa siku tano. Hakuna habari ya ofisi ile, hata ya mpira, iliyowahi kufika huko.

"Sir ameona?" Annah aliuliza.

"Ameona. Amesema inshallah Wabengali nao wataanza hivyo."

Annah alicheka, kicheko kibaya kilichomuumiza kifuani. Zadock alikuwa bado amekaa, mkono juu ya kipanya, hasogei. Ili Kibengali kipate nafasi ilibidi Kiswahili kiondolewe kwenye orodha, na kioo kiliuliza kama ana hakika, kwa kuwa takwimu zote za tovuti hii zitafutwa na hazitarudi.

"Dada, mimi siwezi," alisema.

"Unaweza. Ulishaifanya kazi hii mara moja."

Annah akangoja, mkoba begani, mpaka Zadock alipobonyeza.