Jengo la Salama Kwa CV ya Kalunde

Kwa saiti yetu Makindu kulikuwa na mtu anaitwa Kalunde, na hakuna mtu alikuwa amemwona.

Jina lake liliandikwa kwa ile fomu ya tenda iliyotupa kazi: Kalunde Mutisya, fundi sanifu msimamizi wa saiti. Sisi tulikuwa tunajenga ofisi ya ghorofa ya sacco, mimi nikiwa wa kufunga vyuma, na msimamizi tuliyemjua ni Mbaluka mwenyewe, kontrakta, anakuja asubuhi, anapiga kelele, anaenda. Mimi nilikuwa nauliza. Huyu Kalunde ni nani? Jamaa wananiambia, Mulinge, funga vyuma.

Siku tulimaliza vyuma vya slabu ya ghorofa, Injinia Abubakar wa upande wa sacco alikuja kukagua. Akaangalia vyuma, akaangalia mbao, halafu akafunga faili yake.

"Siwezi kuruhusu mmwage zege," akamwambia Mbaluka. "Nimekuja mara nne na sijawahi kuona msimamizi wenu. Kesho asubuhi awe hapa na vyeti vyake vya asili. Cha shule, cha usajili wa KETRB, bodi ya mafundi sanifu, na leseni ya mwaka huu, na cha usalama wa kazi."

Mbaluka akatabasamu. "Injinia, ako mgonjwa tu."

"Basi apone kesho."

Injinia akitoka, Mbaluka akaniita kando. Mimi ndio niko na pikipiki. Akanipa bahasha. "Enda Mutomo umtafute huyu mama. Mwambie asome hii vizuri ajue atasema nini. Kesho nitamlipa siku yake."

"Kwani hajui ni msimamizi?"

"Mulinge, wewe shule uliacha form two. Maswali ulitoa wapi?"

Bahasha haikuwa imebandikwa. Nilifika Kibwezi, nikasimama kuweka mafuta, nikaitoa. Ilikuwa CV. Sikuwa nimewahi kuona ya watu wa mjengo, nikadhani ni mambo ya kusifu mtu tu, mchapa kazi, mcha Mungu. Hapana. Ilikuwa imepangwa kama duka la hardware. Mradi, aina yake, bei ya kandarasi, mwenye mradi, mwaka, na yeye alifanya nini pale. Bwawa la mchanga Ikutha, milioni sita. Madarasa, milioni tisa. Chini, mafunzo: huduma ya kwanza, kufanya kazi juu, kuzima moto. Chini kabisa, namba ya usajili.

Halafu nikaona mradi wa mwisho. Jengo la biashara la ghorofa mbili, mji wa Salama, milioni arobaini na tano, msimamizi wa saiti Kalunde Mutisya.

Nikasoma tena. Salama pale mimi nilifanya, tangu msingi mpaka paa. Msimamizi alikuwa mzee mmoja wa Machakos anapenda mandazi. Mwanamke kwa ile saiti alikuwa mmoja, Mbithe wa kuuza chai.

Sasa nilitaka kumwona huyu mtu kuliko nilivyotaka kulipwa.

Mutomo niliuliza sokoni, nikaonyeshwa shule ya wasichana nje ya mji. Nikamkuta kwa bweni jipya la ghorofa moja, amevaa kofia ya saiti na buti, anaangalia ukuta na tochi ingawa jua lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wamejificha.

"Madam Kalunde?"

"Ni mimi. Usikanyage hapo, ni rangi mbichi."

"Unatafuta nini kwa ukuta?"

"Nyufa. Jengo likikabidhiwa kontrakta anakaa na deni la kurekebisha kasoro, hapa ni miezi sita. Inaisha wiki hii. Wewe ni nani?"

Nikamwambia. Mbaluka, Makindu, slabu, kesho. Akasema anamkumbuka Mbaluka vizuri. Miaka mitano iliyopita alimpelekea CV akitafuta kazi, hakujibiwa. Halafu mwanzo wa mwaka karani wake akapiga simu, eti atume leseni mpya, watamwita.

"Nikatuma. Nikangoja. Kumbe niko kazini," akasema, akacheka kidogo.

Nikampa bahasha. Akasoma amesimama. Alipofika chini kicheko kikaisha.

"Hii ya Salama ni nini?"

"Hata mimi nilitaka kukuuliza. Nilikuwa huko. Haukuwa."

"Na hapa chini wameweka sahihi yangu." Akakaa kwa ngazi. "Mulinge, unajua hii namba ni nini? Si namba ya simu. Nikisimama mbele ya injinia niseme nilijenga Salama, na mtu mmoja tu ajue, bodi inanitoa. Mimi sina shamba la maana. Nina hiyo namba."

"Basi usiende."

"Nisipoenda hii karatasi inabaki kwa faili, na jina ni langu."

Mimi kunyamaza hunishinda. "Kwani tenda ilitaka nini mpaka waongeze?"

"Mara nyingi ni mradi mmoja wa aina hiyo hiyo, na bei isipungue kitu fulani."

Nilikuwa nimesikia Injinia akisomea Mbaluka masharti ya tenda. "Ghorofa. Milioni thelathini kwenda juu."

Akaniangalia. Halafu akainua kichwa akaangalia lile bweni, taratibu, kama amelikuta hapo sasa hivi.

"Hii ni ghorofa," akasema. "Kandarasi ni milioni thelathini na moja. Msimamizi wa saiti ni mimi, kutoka kuchimba msingi. Barua ya mwenye mradi iko kwa nyumba."

"Mbona haiko kwa CV?"

"Iko kwa yangu. Yao ni ile ya miaka mitano iliyopita. Waliuliza leseni. Hakuna mtu aliniuliza nimejenga nini."

Asubuhi Kalunde akafika Makindu na kofia yake na faili. Mbaluka akamkimbilia. "Mwaitu, mama yetu, karibu. Umesoma?"

"Nimesoma."

Akampita. Mbele ya Injinia Abubakar akaweka CV mbili juu ya mbao. "Hii mnayo kwa faili si yangu. Salama sijawahi kujenga, na sahihi sijaweka. Hii nyingine ni yangu, na vyeti ni hivi."

Injinia akasoma zote mbili bila haraka. Akapigia shule simu hapo hapo, akauliza bei, akauliza mwaka, akauliza huyu mama alikuwa nani kwa saiti. Halafu akamgeukia Mbaluka.

"Leo hakuna zege. Hii ya uongo nitaripoti kwa sacco, wao ndio wataamua juu yako. Na ukitaka kubadilisha msimamizi, sheria ya kandarasi ni uandike barua, ulete mtu wa kiwango hicho au zaidi."

"Nibadilishe na nani?" Mbaluka akauliza.

"Mtoe huyu Kalunde," Injinia akagusa karatasi ya kwanza, "ulete huyu."

Jamaa wote wakacheka. Mbaluka hakucheka. "Mama, si ungeniambia tu pole pole? Mimi nilikuwa nakupatia kazi."

"Ulikuwa umenipatia. Ni mimi tu sikuwa najua."

Tulikaa bila kazi, vyuma vikianza kushika kutu, mpaka kamati ya sacco ikajibu. Mbaluka alipewa onyo kwa maandishi. Angefukuzwa, lakini waliogopa kuanza tena. Barua ya kumkubali Kalunde ilitoka pamoja na hiyo, akaja na mkataba wenye sahihi yake ya kweli.

Siku ya kwanza alitukusanya kutufundisha mambo ya kofia na mikanda, hata Mbaluka akasimama kusikiliza. Saa ya chai nikamkuta anaandika kwa simu. Nikachungulia. Ilikuwa CV. Ofisi ya sacco, ghorofa moja, Makindu, msimamizi wa saiti, inaendelea.

"Hata slabu bado," nikamwambia. "Mbona unaiandika?"

"Ndio mtu akiwa na shaka aje anikute," akasema, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu. "Na wewe Salama ulifanya nini hasa?"

Nikaanza kumwambia, na chai yangu ikapoa.